Gambuti au Ndara? Masika Hii Tuulize Miguu Inakaa Majini Saa Ngapi

Kila masika ikifika, picha ni zile zile. Gari limezama hadi milango, kijana kabeba viatu mkononi huku suruali ameikunja magotini, na mama mmoja anavuka barabara kwa ndara huku akishikilia buibui lisiguse maji. Chini ya picha hizo watu hubishana. Wako wanaosema mtu wa Pwani hana budi kuwa na gambuti siku hizi. Wengine wanawajibu kwamba gambuti ni za bara, huku kwetu ndara zinatosha, maji yataingia na yatatoka.

Nimeufuatilia ubishi huu na naona pande zote mbili zina haki na zote mbili zimesahau jambo moja. Zinabishana juu ya maji yanavyoingia. Ngozi ya mguu haiharibiwi na maji kuingia, inaharibiwa na maji kukaa. Mtu aliyevuka dimbwi kwa dakika tano kisha akaosha na kukausha miguu yake hana neno. Lakini aliyeingiwa na maji saa mbili asubuhi, akabaki na unyevu ule ule mpaka saa kumi na moja jioni, huyo ndiye utakayemsikia juma lijalo analalamika vidole vinawasha na unyayo unamuuma.

Na miongoni mwetu wapo watu wengi ambao hawana uhuru wa kuchagua wavae nini wala wavue saa ngapi. Hao nitawarudia mwisho, kwa sababu hapo ndipo suala hili linapotoka chumbani na kuingia kwenye sheria na maamuzi ya wakubwa.

Maji hufanya nini kwenye mguu

Ngozi ya unyayo ni nene kuliko ngozi ya mahali pengi mwilini, na hufyonza maji. Tazama vidole vyako baada ya kufua nguo kwa muda mrefu: vimekunjamana na kuwa vyeupe. Mguu uliokaa majini huwa hivyo hivyo. Ngozi iliyolainika namna hiyo hukwaruzika upesi, huchunika, na hufungua njia ndogo ndogo ambazo jicho halizioni. Ikiendelea siku mbili tatu mfululizo, unyayo wote huwa mweupe, huvimba, na kila ukikanyaga unahisi kama unatembea juu ya changarawe.

Hali hii iliwasumbua sana wanajeshi wa Kimarekani kule Vietinamu miaka ya 1960, kwenye mashamba ya mpunga na misitu yenye joto kama letu. Kilichonivutia katika habari yao ni buti walizopewa. Zilikuwa na matundu mawili madogo upande wa ndani, karibu na soli, ya kutolea maji. Waliozitengeneza walikubali kwamba maji yataingia tu, kwa hiyo wakayapa njia ya kutoka. Dawa ya miguu yenyewe ilikuwa kupumzika mahali pakavu. Kwa wengi, siku chache za ukavu zilitosha kuirudisha ngozi katika hali yake.

Adui wa pili ni fangasi. Huyu anapenda joto na unyevu, na hujificha sana kati ya kidole kidogo na kile kinachokifuata, kwa sababu hapo vidole vimebanana na hewa haipiti. Utamjua kwa ngozi nyeupe iliyolainika na kuchanika, mwasho unaozidi ukivua kiatu, na harufu. Krimu ya klotrimazoli inayouzwa kwenye maduka ya dawa humwondoa, ikipakwa mara mbili kwa siku kwenye ngozi iliyokauka. Kosa la wengi ni kuacha mara tu mwasho unapotulia. Inafaa kuendelea kama wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona, la sivyo anarudi. Na ukiipaka krimu kisha ukarudisha mguu kwenye kiatu chenye maji, umetupa pesa zako.

Wa tatu ni yale yaliyomo ndani ya maji yenyewe. Maji ya mafuriko mitaani kwetu si maji ya mvua peke yake. Yamepita kwenye mitaro, kwenye vyoo vya shimo vilivyofurika, kwenye majaa ya taka na mashimo ya panya. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vinavyoingia mwilini kupitia mkwaruzo au ngozi iliyolainika. Ugonjwa wenyewe wenzetu wa Tanzania wanauita homa ya mgunda, na mwaka 2022 ulizuka mkoani Lindi na kuua watu. Dalili zake hufanana na malaria: homa, kichwa, mwili kuuma, hasa mashavu ya miguu, na pengine macho kuwa mekundu. Huweza kuanza wiki moja au mbili baada ya mtu kupita majini, wakati ameshayasahau maji yenyewe. Kwa hiyo ukipata homa siku za masika na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie daktari kwamba ulitembea kwenye maji ya mafuriko. Ugonjwa huo una dawa, lakini daktari asipoambiwa hatakuwa na sababu ya kuufikiria.

Gambuti: zinapofaa na zinapogeuka ndoo

Gambuti zina faida ambayo ndara haitakuwa nayo kamwe: zinaweka ukuta kati ya ngozi yako na uchafu. Kwa mtu anayesimama kwenye tope la sokoni, anayezoa taka, anayezibua mtaro au anayelima shamba lililolowa, hakuna kiatu bora zaidi. Soli yake ni nene, kigae cha chupa hakipiti kwa urahisi, na mdudu wa mgunda haupati mguu.

Lakini faida hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni mdomo wa buti. Gambuti ya kawaida ya mtu mzima humfika chini kidogo ya goti. Ukisimama wima, unaweza kudhani kwamba maji yakiwa chini ya mdomo kwa vidole vinne uko salama. Sivyo. Ukipiga hatua maji hupanda mbele ya mguu, na gari likipita linaleta wimbi. Kipimo changu ni kati ya ugoko, yaani nusu ya njia baina ya kifundo cha mguu na goti. Maji yakivuka hapo, gambuti si kinga tena. Yakishaingia, hayana pa kutokea. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo buti zilizomeza lita mbili kila moja zinakufungia kilo mbili kwenye kila mguu, nawe uko katikati ya tope linalokuvuta. Kwenye maji yanayokwenda kasi ni hatari kubwa. Mtu huangushwa na maji yasiyofika hata nusu ya ugoko yakiwa na nguvu, na aliyebeba ndoo mbili miguuni hainuki upesi.

Mpaka wa pili ni joto letu. Gambuti haipitishi maji kuingia, wala haipitishi jasho kutoka. Mwezi wa Mei, ambao ndio wa mvua nyingi zaidi Mombasa, bado ni mwezi wa joto kwa mtu anayefanya kazi. Mtu anaweza kuvaa gambuti asubuhi, asiguse dimbwi hata moja, na jioni akavua soksi ya kukamuliwa. Huyu miguu yake imelowa siku nzima sawa na aliyetembea na ndara, tofauti ni kwamba maji yake yametoka ndani.

Kwa hiyo anayevaa gambuti avae na soksi, na soksi zenyewe ziwe jozi mbili kwa siku. Jozi ya pili aibebe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Saa sita au saa saba, akipata nafasi ya kula, avue buti, afute miguu, aikalishe kwenye hewa kama robo saa, avae soksi kavu. Soksi ya pamba tupu hushika maji na kuyaweka karibu na ngozi. Ile iliyochanganywa na nailoni hukauka upesi zaidi. Asiyevaa soksi kabisa hukwaruzwa na mpira kwenye kisigino na kwenye shavu la mguu, na mkwaruzo huo ndio mlango niliousema.

Ukienda kununua, jaribu ukiwa na soksi. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea, na vidole vibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Buti kubwa kupita kiasi hunaswa na tope ukaacha kiatu na kuondoka na mguu. Zile za zamani nyumbani zipime kabla ya mvua: weka karatasi ya chooni kavu ndani, tia jiwe juu yake, simamisha buti kwenye karai la maji hadi kifundoni kwa nusu saa, kisha toa karatasi uishike. Ikiwa imelowa, tafuta ufa kwenye mkunjo wa juu ya vidole, maana hapo ndipo mpira huanza kupasuka.

Jioni buti zisiachwe mlangoni zimesimama. Toa kitambaa cha ndani kama kipo, futa, jaza karatasi za gazeti, baada ya saa moja au mbili zitoe zilizolowa utie nyingine. Baadaye zipindue mdomo chini juu ya kijiti, kivulini penye upepo. Jua kali na jiko hupasua mpira. Na asubuhi, kabla ya kutia mguu, zigonge chini. Nge na tandu hupenda shimo lenye giza wakati nje kumelowa.

Ndara na ndugu zake

Upande wa pili, tusiziweke ndara zote kapu moja. Ile ndara nyepesi ya sponji yenye kamba kati ya vidole ni kiatu cha kwenda bafuni na dukani. Kwenye mafuriko ina makosa matatu. Tope likiinasa, kamba inachomoka tunduni na unabaki peku katikati ya maji usiyoona chini yake. Msumari unaipenya kama unavyopenya mkate. Na soli yake ikishalika, inateleza kwenye sakafu ya vigae na kwenye mawe ya vichochoro vya Mji wa Kale kana kwamba imepakwa sabuni.

Sendeli ya mpira yenye kamba ya nyuma ni habari nyingine. Haichomoki, soli yake ina meno, maji yanaingia na kutoka, na ukifika unapokwenda unaisuuza bombani na baada ya muda mfupi imekauka. Akala za tairi nazo ni imara, msumari haupiti kirahisi, ila uangalie ile misumari iliyoshikilia kamba. Ikishika kutu huinuka na kukuchoma wewe mwenyewe. Sandak za plastiki zilizofunika vidole zina kinga zaidi mbele, lakini plastiki yake ngumu hukata kisigino cha mtu aliyelowa, kwa hiyo zisivaliwe mpya siku ya safari ndefu.

Udhaifu wa aina zote hizi ni mmoja: maji machafu yanagusa ngozi. Mwenye kidonda, ufa wa kisigino au mguu uliochunika fangasi asipite kwa sendeli kwenye maji ya mtaro akidhani kwamba yatatoka. Yatatoka, lakini yameshagusa. Huyo atafute gambuti, au apande tuktuk, au asubiri. Na aliyechomwa na kitu ndani ya maji hayo aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Jambo moja zaidi kwa pande zote mbili: mpira wa kiatu usikudanganye kuhusu umeme. Gambuti ya kawaida haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo, na ikishalowa ndani haina maana yoyote. Waya ukianguka majini, rudi ulikotoka, uwazuie na wengine.

Tazama mwezi kabla ya kutazama kiatu

Watu wa bahari wana elimu ambayo sisi wa mitaani tumeiacha, nayo inasaidia kuchagua kiatu. Mitaro ya miji yetu humwaga maji kwenye bahari na hori zake. Bahari ikijaa sana, maji ya mvua hayana pa kwenda, hurudi nyuma na kukaa barabarani mpaka maji ya bahari yatoke. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu, bahari ya Mombasa hujaa zaidi, na kilele chake huja karibu na saa kumi, alfajiri na tena alasiri.

Maana yake ni hii. Ikiwa ni siku ya bamvua na mvua kubwa imenyesha mchana, njia uliyopita asubuhi kwa kiatu cha kawaida inaweza kuwa na maji ya magotini unaporudi alasiri. Ni saa ile ile watoto wanatoka shule na watu wanafungua kazi. Siku kama hiyo gambuti si jibu kwa anayepita mabondeni, kwa sababu maji yatapita mdomo wake. Ni heri sendeli za kamba ya nyuma, na heri zaidi kungoja saa mbili tatu bahari ianze kutoka. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, maji ya mvua huondoka mapema na kinachobaki ni tope la kifundoni. Hapo gambuti inatawala.

Mbali na mji hesabu hii hubadilika. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Nino, barabara kuu ya Mombasa na Malindi ilikatika pale Mbogolo. Maji ya mto uliofurika hayana uhusiano na kiatu. Hapo hakuna buti wala sendeli ya kumvusha mtu, na asiambiwe kwamba ipo.

Tuchukue mfano mmoja

Fikiria mama mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, anayeuza samaki wa kukaanga kando ya soko, na ana ugonjwa wa sukari. Nimemchagua huyu kwa sababu majirani wa aina yake ni wengi katika mitaa yetu, na yeye ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huua hisia za miguu. Anaweza kukanyaga kigae asisikie, akalala nacho, akaamka nacho. Kidonda kinachompona mwenzake kwa wiki moja, kwake kinaweza kufika kwenye mfupa, na tunajua sote mwisho wa safari hiyo.

Huyu ndara haimfai hata siku moja ya mvua. Gambuti inamfaa, lakini kwa masharti. Anunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kusimama, ili kipimo kisiwe cha kubana. Kila asubuhi atie mkono ndani na kupapasa mpaka mbele, maana jiwe dogo lililobaki humo litamsaga siku nzima bila yeye kujua. Avae soksi zisizobana, zisizo na mshono mnene vidoleni. Kwa kuwa anasimama karibu na jiko, jasho litakuwa jingi, kwa hiyo abadilishe soksi mara mbili, saa sita na saa tisa. Kuoteshea miguu moto jikoni ili ikauke ni marufuku kwake, maana ataungua bila kuhisi.

Anaporudi nyumbani, aoshe miguu kwa maji ya kawaida na sabuni, aikaushe kwa taulo laini kwa kugusa badala ya kusugua, na apite kati ya kila kidole. Kisha aiangalie juu, chini na kati ya vidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au amwite mjukuu mwenye macho mazuri. Mafuta ya mgando apake kisigino na juu ya mguu ili ngozi isipasuke, lakini kati ya vidole asipake kitu. Akiona lengelenge, wekundu, au sehemu yenye joto kuliko nyingine, aende kliniki kesho yake, asingoje usaha.

Kazi yote hii inamchukua dakika kumi, na gharama yake ni taulo moja, soksi jozi tatu na gambuti za kumtosha. Ugumu wake ni kwamba lazima irudiwe kila siku ya masika, hata siku aliyochoka.

Hapa kuna jambo linalotuhusu wengi wetu. Sisi tunaotawadha huosha miguu hadi mara tano kwa siku, na tunafundishwa kupitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya miguu ili maji yafike. Usafi huo ni ngao nzuri dhidi ya uchafu wa njiani. Shida huja baadaye, mtu anapotoka msikitini haraka na kutia mguu wenye maji ndani ya soksi na buti. Amefunga unyevu msafi, lakini fangasi haujali usafi wa maji. Kitaulo kidogo mfukoni kinatosha, na kiwe cha mtu mmoja. Taulo la kuchangia na ndara za kuchangia mlangoni mwa choo ndizo zinazozungusha fangasi kutoka mguu wa huyu kwenda wa yule.

Wale wasiochagua

Sasa nirudi kwa watu niliowataja mwanzo. Yote niliyoyasema yanamfaa mwenye uwezo wa kununua na uhuru wa kuvua. Kijana anayezibua mitaro kwa mkataba wa siku, dada anayeosha samaki kiwandani, na msafishaji wa soko hawana uhuru huo. Wengine huingia kazini na ndara zao. Wengine hupewa gambuti za kupokezana, zamu moja ikivua nyingine inavaa, bado zina jasho la mwenzake ndani. Buti ya namna hiyo haina nafasi ya kukauka, na ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imelizungumzia jambo hili waziwazi. Kifungu cha 101 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayekabiliwa na maji au vitu vyenye madhara mavazi ya kujikinga yanayofaa, viatu vikiwemo inapohitajika, na avitunze viwe katika hali ya kutumika. Sheria haisemi mfanyakazi ajinunulie. Kwa maoni yangu, kiatu kinachofaa kwa kazi ya majini maana yake ni kila mtu na gambuti zake za kipimo chake, mahali pa kuzianika, na dakika za kubadilisha soksi. Mwajiri anayetoa jozi tano kwa watu kumi hajatimiza wajibu wake, awe ni kampuni, hoteli au serikali ya kaunti. Wawakilishi wadi wanaopitisha bajeti ya usafi waulize swali hili kabla ya mvua: jozi ngapi, kwa watu wangapi?

Kundi la pili ni watoto wa shule. Tukibishana gambuti na ndara tunasahau kwamba kiatu kibaya kuliko vyote wakati wa mvua ni kile cha ngozi nyeusi na soksi ndefu, nacho ndicho kanuni za shule nyingi zinakitaka. Mtoto anafika saa moja asubuhi kimelowa. Ngozi ya kiatu hufyonza maji na kuyatunza, soksi nayo hivyo hivyo, na anakaa darasani mpaka saa kumi. Kesho yake kiatu bado hakijakauka, na hana kingine. Huyu anapata saa nyingi za unyevu kuliko muuza samaki.

Suluhisho lake halihitaji bajeti. Walimu wakuu na kamati za wazazi waruhusu, kwa miezi ya masika tu, mtoto aje na sendeli za mpira zenye kamba ya nyuma, abebe viatu na soksi kwenye mfuko wa plastiki, akifika aoshe miguu bombani, aifute, ndipo avae. Asiye na jozi ya pili aruhusiwe kukaa darasani na sendeli zake bila kurudishwa nyumbani. Mzazi anayesoma haya anaweza kulipeleka ombi hilo kwenye mkutano ujao wa wazazi, na msimamizi wa wafanyakazi anaweza kuhesabu gambuti zake leo jioni.